Msimulizi Wangu Alikuwa Anaongea Sana

Mwaka jana nilipopangiwa mazoezi ya kufundisha Newala niliona nimebahatika. Kwetu ni Masasi, kwa hiyo nauli ni ndogo, na nilikuwa na silaha ya siri: filamu fupi ya katuni niliyoitengeneza na mshkaji wangu mmoja anayesoma sanaa. Yeye alichora, mimi niliandika na kusoma sauti. Ilikuwa ya dakika moja na nusu, kwa ajili ya Jiografia Kidato cha Pili, ikijibu swali ambalo kila mtu wa kule ameshajiuliza: kwa nini mvua inanyesha Newala lakini juu kule hakuna mto?

Nilichemsha vibaya mno. Niliazima projekta, nikafunga madirisha kwa kanga, nikabonyeza. Sauti yangu ikaanza, nanukuu kwa aibu: "Haya wanangu, karibuni Newala, mji ambao ndoo ina thamani kuliko pikipiki! Hapa bwana ukimwona mtu anakimbia asubuhi usidhani anafanya mazoezi, anawahi foleni ya bombani!" Ikaendelea hivyo hadi mwisho. Wakati huo kwenye picha kulikuwa na wingu, ramani, mshale unaoelekea chini. Hakuna aliyecheka. Wavulana wawili wa nyuma walitabasamu kwa huruma, halafu msichana mmoja wa dawati la mbele, ambaye kila asubuhi alifika na kola iliyolowa maji ya ndoo, akainamisha kichwa akawa anachora kwenye daftari.

Baada ya kipindi nikamuuliza kama ameelewa. Akasema, "Mwalimu, kwani wewe wa wapi?" Nikamwambia Masasi. Akasema, "Aah," basi.

Ile "aah" nilitembea nayo wiki nzima. Masasi iko chini, Newala iko juu ya uwanda wa Makonde, zaidi ya mita 600 kutoka usawa wa bahari. Mtu wa chini amepanda na projekta kuwachekesha watu wa juu kuhusu maji yao. Kijiweni tunataniana hivyo na yanaisha. Ila darasani, kwa sauti ya mwalimu asiyeonekana, utani ule hauna wa kuujibu. Huo ndio ubovu wa kwanza wa msimulizi anayechekesha, na sikuusoma kwenye kitabu chochote: msimulizi ana mamlaka. Anachosema kinachukuliwa kuwa ndiyo habari yenyewe. Akitania, darasa halijui kama hilo ni la kuandika, la kucheka au la kukasirikia.

Ubovu wa pili ni wa hesabu. Nilihesabu maneno ya ile skripti nikapata 214. Nikachukua simu nikajirekodi nikisoma kwa mwendo wa mtu aliyetulia: kwa dakika moja nilimaliza maneno kama 100. Maneno ya Kiswahili ni marefu, neno moja kama "yanapopandishwa" ni sentensi nzima. Kwa hiyo dakika moja na nusu inabeba maneno 150 ukiongea bila kupumua, na mimi nilikuwa nimeshindilia 214. Picha hazikupata hata sekunde moja ya peke yake. Kichekesho cha picha kinataka jicho liwe huru, na jicho haliwi huru kama sikio linakimbizwa.

Nikaamua kuandika upya. Safari hii nilikunja karatasi katikati kwa urefu. Kushoto nikaandika PICHA, kulia SAUTI. Wanaoandika filamu za maelezo hufanya hivyo siku zote, ila mimi awali niliandika kama insha halafu nikamwambia mshkaji "chora kitu kinachofanana". Ukiandika sauti kwanza, mchoraji anabaki kuwa mpambaji. Nikajiwekea sharti: siruhusiwi kuandika neno lolote upande wa kulia mpaka upande wa kushoto umejaa kuanzia mwanzo hadi mwisho.

Kabla ya picha nilihitaji ukweli mmoja unaoweza kufuatwa kwa macho. Ukweli wa Newala unafaa sana. Udongo wa juu ya uwanda ni mchanga mwekundu, mlegevu. Mvua ikinyesha haikai juu, inazama. Inashuka mbali hadi inapokutana na tabaka lisilopitisha maji, inatembea juu ya tabaka hilo, inatokea pembeni, kule chini ya genge, kama chemchemi. Ukisimama pale Shimo la Mungu ukatazama chini upande wa Ruvuma, unaona tofauti ya juu na chini kwa macho yako. Maji ya bombani yanavutwa kwa pampu kutoka visima vya bondeni kama vile vya Mitema, karibu na Kitangari, yakipandishwa kwenda Newala na Tandahimba. Wengine wanavuna ya paa wakati wa masika.

Hiyo ni safari, na safari inahitaji msafiri. Nikamweka tone la mvua mwenye begi mgongoni na mkeka kwapani, mtu aliyekuja Newala akiwa na nia ya kukaa. Ghafla nikaona jambo ambalo lilinitoa kwenye lile tatizo la "aah". Anayechekwa sasa ni tone. Anataka kukaa, udongo unamkatalia. Watu wa Newala wanakuwa wenyeji wanaojua tayari kitakachompata, na wanamcheka mgeni. Mgeni kutoka chini, ukipenda, kama mimi.

Hii ndiyo skripti ilivyotoka baada ya kukatwa mara nyingi:

PICHA: Wingu. Tone anaruka, anatua kwenye mchanga mwekundu chini ya mkorosho. Anavuta pumzi. Anatandika mkeka. Anavua viatu, anavipanga vizuri. (Sekunde 8, sauti ya mvua tu.)
SAUTI: Mvua Newala inanyesha.

PICHA: Tone anaketi. Viatu vinazama. Anavitazama. Mkeka unazama. Anashika jani la mkorosho. Jani linabaki, yeye anazama. Mkono mmoja umebaki juu, unapunga. Unazama.
SAUTI: Lakini udongo wa juu ni mchanga, na mchanga haushiki maji.

PICHA: Ardhi imekatwa kama mkate, tunaona ndani. Tone anapita katikati ya chembe za mchanga kama abiria anayetafuta njia ndani ya daladala. Kila chembe inasogea kidogo, kwa adabu, kumpisha.
SAUTI: Maji yanazama chini, mbali sana.

PICHA: Tone anadondokea kitako juu ya tabaka la kijivu. Chembe zake zimebanana bega kwa bega. Anabisha hodi. Hazisogei. Anatoa kitambulisho. Hazisogei.
SAUTI: Huko yanakutana na udongo usiopitisha maji.

PICHA: Tone anateleza pembeni, anatokea chini ya genge. Anatazama juu: mkorosho wake unaonekana mdogo kama kidole. Kimya. Mkeka unamwangukia kichwani.
SAUTI: Yanatokea bondeni, chini ya genge.

PICHA: Bomba linamvuta Tone. Anapanda, anapanda, analala, anaamka, bado anapanda. Anatoka bombani, anaingia kwenye ndoo, anatandika mkeka. Tone jingine linaruka nje ya ndoo, linatua mchangani. Wanatazamana. Lile la nje linazama, mkono ukipunga.
SAUTI: Ndiyo maana hapa kwetu maji hupandishwa kwa pampu.

Ukizihesabu sentensi za msimulizi ni sita, maneno 37. Filamu ina sekunde 80. Maana yake msimulizi anaongea chini ya theluthi moja ya muda wote, na ukizisoma peke yake, bila picha, hakuna hata moja inayochekesha. Ni sentensi kavu kabisa, unaweza kuzinakili ubaoni. Sikuzifanya hivyo kwa sababu ya uvivu. Msimulizi asiyejua kwamba kuna kichekesho ndiye anayekifanya kichekesho kiwe kikubwa. Yeye anasema "mchanga haushiki maji" kwa utulivu wa mwalimu mkuu, huku mtu anazama na viatu vyake.

Angalia pia mpangilio wa nani anatangulia. Katika onyesho la pili, rasimu ya kwanza ilikuwa na sauti mwanzoni: "udongo wa juu ni mchanga", ndipo viatu vikazama. Ilikuwa imekufa. Mtazamaji ameshaambiwa, sasa anathibitishiwa tu. Nikageuza: viatu kwanza, mkeka, mkono, ndipo sauti. Hapo mtazamaji anapata sekunde nne za kujiuliza "huyu anapotelea wapi?", na sentensi ya msimulizi inafika kama jibu la swali alilojiuliza mwenyewe. Elimu inaingia pale pale kicheko kinapoisha. Ikiingia katikati ya kicheko haisikiki, kwani darasa la wanafunzi sabini linacheka kwa kelele kuliko spika yako. Kwa hiyo baada ya kila kichekesho niliacha sekunde moja na nusu hivi ya picha iliyosimama. Mshkaji alifurahi. Alikuwa anachora picha 12 kwa kila sekunde ya mwendo, na kuganda kwa sekunde mbili kunahitaji picha moja tu.

Vitu vitatu vinavyozama kwa kufuatana, viatu, mkeka, mwenyewe, navyo vina sababu. Kimoja ni ajali, cha pili kinaonyesha kuwa kuna utaratibu, cha tatu mtazamaji anakitarajia na ndipo unaweza kumpindua kidogo kwa ule mkono unaopunga. Nilijaribu vinne, nikaongeza begi. Kikawa kirefu, watu wakaanza kutazama simu.

Sasa niwaambie kuhusu fuko. Katika rasimu ya tatu, kwenye onyesho la ardhi iliyokatwa, tuliweka fuko amekaa kwenye kiti cha uvivu na mrija mdomoni. Tone akipita, fuko anavuta, anamkosa. Kilikuwa kichekesho bora kuliko vyote, mshkaji alikichora kwa siku nne. Tukawaonyesha wanafunzi kumi hivi wa mkondo mwingine michoro ya rasimu tu, ikiwa imeungwa kwenye simu na sauti yangu juu yake. Walicheka wakagongana mabega. Halafu nikawapa swali moja kwenye karatasi: kwa nini maji ya mvua hayakai juu ya uwanda? Wanne kati yao waliandika kwamba yananywewa na wanyama wa ardhini.

Hapo nililazimika kufungua madaftari ya saikolojia ya elimu ambayo nilidhani nimeshamalizana nayo kwenye mtihani. Richard Mayer, mwanasaikolojia wa Marekani aliyechunguza kwa miaka mingi jinsi watu wanavyojifunza kwa picha na maneno pamoja, anaonya kuhusu mapambo yanayovutia lakini hayahusiani na somo: mwanafunzi anabeba pambo anaacha somo. Niliwahi kuliandika hilo kwenye mtihani nikapata alama, ila sikulielewa mpaka fuko aliponitokea. Kuzama kwa viatu ni somo lenyewe limevaa nguo za kuchekesha, maana ndicho mchanga unachokifanya kwa maji. Chembe za kijivu kukataa kusogea ndiko kutopitisha maji kwenyewe. Fuko alikuwa hafanyi chochote ambacho udongo unafanya. Tukamtoa. Mshkaji alininunia siku mbili, na bumu lilikuwa halijaingia kwa hiyo sikuwa hata na soda ya kumwombea msamaha.

Tangu hapo kila kichekesho nakiuliza swali hilo: mwanafunzi akikumbuka kichekesho tu na kusahau kila nilichosema, atakuwa amekumbuka kitu cha kweli? Mkeka kumwangukia Tone kichwani, kwa mfano, ulipona kwa tundu la sindano. Ni mzaha mtupu, ila unakumbusha kwamba kilichozama kule juu ndicho kinachotokea huku chini.

Kuna majaribio mawili niliyoyafanya kabla ya kurudi darasani, na hayagharimu kitu. La kwanza, nilizima sauti kabisa nikampa simu mama anayeuza maandazi karibu na nilipopanga. Kama atacheka mahali ninapotaka, picha zinajitosheleza. Alicheka kwenye viatu na kwenye kitambulisho. Kwenye ardhi iliyokatwa hakuelewa anachokiona, akadhani ni keki. Tukaongeza mizizi ya mkorosho upande wa juu ili ijulikane kuwa tuko ardhini. La pili, niligeuza simu kifudifudi nikamsikilizisha mwenzangu sauti tu. Kama anaweza kunieleza safari ya maji bila kuona chochote, sentensi zangu zimetosha. Aliweza, ila aliuliza, "Genge ndio nini?" Pale neno nililiacha makusudi, kwa sababu picha inalijibu kabla halijasemwa.

Jaribio la kuzima sauti linanikumbusha mambo mawili ya huku kwetu. Mwaka 1906 Mjerumani mmoja, Karl Weule, alipita Masasi na Newala akiwa na kamera ya filamu, akarekodi ngoma. Filamu za enzi hizo hazikuwa na sauti ndani yake, kila kitu kilibebwa na mwili. Na muda mrefu kabla yake, na hadi leo, kuna lipiko. Mliotazama ngoma ya mapiko ya Wamakonde mnajua: aliyevaa kinyago haongei. Anaingia na sura ya mzee mwenye majivuno au afisa mwenye tumbo, anatembea hatua tatu, na uwanja mzima umeshamjua anayesemwa. Wanaopiga ngoma ndio wanaotoa sauti, na hawamwelezi. Nilikulia jirani na darasa hilo la uandishi halafu nikaenda kuandika maneno 214.

Sisemi kila katuni ifanywe hivi. Ubongo Kids, iliyoanza kurushwa TBC1 mwaka 2014, inafundisha kwa mazungumzo ya wahusika na kwa nyimbo zinazorudia jambo, na kwa mtoto anayetazama nyumbani huku akila wimbo unabaki kichwani. Ila hizo ni sehemu ndefu, zina wahusika wanaoongea na waigizaji wa sauti. Wewe mwenye simu, rafiki mmoja na dakika moja na nusu, huna nafasi ya wahusika kuongea. Na kuna masomo ambayo njia hii haiyawezi. Nilijaribu kuitumia kwa sheria ya stakabadhi ghalani kwenye korosho, nikakwama: malipo, makato, mnada, hayo hayana mwili wa kuzama au kuangukiwa na mkeka. Nilijikuta naandika maneno kwenye picha, na nilipoanza kuyasoma kwa sauti yale yale yaliyoandikwa nikajua nimepotea, maana mtazamaji anasoma na kusikiliza kitu kimoja kwa kasi mbili tofauti.

Kilichobaki kilikuwa sauti yenyewe. Maneno "hapa kwetu" kwenye sentensi ya mwisho mimi sikuwa na haki nayo. Nikamfuata yule msichana wa dawati la mbele, nikampa karatasi ya mistari sita, nikamwomba asome. Alisoma upande wa kushoto pia, kimyakimya. Alipofika kwenye tone linaloruka nje ya ndoo akasimama. Nilidhani nimekosea tena, nikaanza kusema tunaweza kulitoa. Akasema, "Usilitoe, mwalimu. Linamwagika kila siku." Tulirekodi kwenye stoo ya vitabu, mlango umefungwa, mabunda ya madaftari yakizuia mwangwi. Alisoma kama anayesoma matangazo ya paredi asubuhi, bila kuchekesha hata kidogo, na ilikuwa sawasawa na nilichokuwa nakitafuta.

Siku ya kuonyesha, mwalimu wangu mlezi alikaa nyuma na fomu yake ya tathmini. Tone akatua, akatandika mkeka, akavua viatu. Sekunde nane bila msimulizi. Katika sekunde ya tano mwalimu mlezi alinyanyuka, akatembea hadi mbele na kuanza kutikisa waya wa spika, akidhani sauti imekatika. Viatu vikazama nyuma ya mgongo wake na darasa zima likalipuka. Yeye akageuka kuona nani anachekwa.

Kwa hiyo siku hizi sauti ya mvua mwanzoni naiweka juu zaidi, na naongeza kishindo cha kiatu kimoja kikipangwa chini, ili mtu ajue kwamba spika iko hai.